Rasimu ya Hasira kwa Jirani wa Juu: Kuipoza Bila Kuimwaga

Maji yalipodondoka juu ya kitanda changu mara ya tatu, saa tano ya usiku, nilishika ndoo kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, nikaandika hivi:

"Nyinyi watu kwani hamna haya? Kila siku maji yenu machafu yananimwagikia kitandani na mnajifanya hamjui. Eti fundi anakuja! Fundi gani asiyefika tangu dunia iumbwe? Hamtengenezi kitu nyinyi, kazi kusema tu. Au mnataka nyumba ituangukie kama Beit al-Ajaib ndo mfurahi? Tena siku ya arusi ya mdogo wangu mliziba ngazi kwa mapipa yenu nikanyamaza, mkaniona mjinga. Mwenye macho haambiwi tazama. Mkiendelea nakwenda kwa sheha na polisi, mtanijua mimi nani."

Sikuutuma, kwa bahati tu: nilikuwa nauandika katika ujumbe ninaojitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, mahali ninapowekea vipimo vya nguo za wateja. Hilo ni la kwanza kulishika. Rasimu ya hasira usiiandike ndani ya ukurasa wa mtu mwenyewe, maana kidole kikiteleza umekwisha, na ukifuta baadaye ataona kwamba kuna kitu umefuta, naye atakijaza kwa mawazo yake.

Ninakaa chini katika nyumba ya zamani ya Mkunazini, Mji Mkongwe, Unguja. Juu wanakaa mzee na mkewe, wapangaji kama mimi, na choo chao kiko sawasawa juu ya chumba changu cha kulala. Mzee ni rika la baba yangu, nami humwita Ami. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyakuta katika rasimu ile nilipoisoma asubuhi, moja baada ya moja, na nilivyoyatibu.

Ukitafuta tarehe ndani ya rasimu, huzioni

"Kila siku." "Tangu dunia iumbwe." Maneno haya ni dalili kwamba umeandika kutoka kifuani, hujaandika kutoka kwenye kumbukumbu. Mtu aliyelowa usiku wa manane huhisi kwamba amekuwa akilowa maisha yake yote. Lakini huyo wa juu anajua kwamba jana na juzi hapakuwa na maji. Akijibu, "Mwanangu, si kweli, jana tulioga na hukusema kitu," hoja yako nzima imeanguka, ilhali una haki.

Dawa ni karatasi. Nilikaa nikaandika lini, saa ngapi, wapi. Yakatoka mambo matatu tu: Jumamosi tarehe 5 Aprili alfajiri, Jumatano tarehe 16 alfajiri, na Jumanne tarehe 22 saa tano usiku. Nilivunjika moyo kidogo, maana mara tatu ni chache kuliko hasira niliyokuwa nayo. Lakini mara tatu zenye tarehe hakuna anayeweza kuzikataa.

Karatasi ile ilinifunza na jambo jingine. Aprili ni masika, na katika nyumba zetu maji ya paa hupita yanakotaka. Nilikuwa na hakika gani kwamba haya si ya mvua? Baada ya maji ya tarehe 5 fundi mmoja wa mtaani alinishauri nichore kwa penseli duara kuzunguka ile alama ya unyevu, kisha nitazame inapanuka lini. Baada ya mvua kubwa haikuvuka duara. Tarehe 16 ilikuwa siku ya pili bila mvua, nikasikia ndoo zikimwagwa juu alfajiri, na robo saa haikupita unyevu ukavuka mstari na matone yakaanza. Hapo nilijua ni choo. Kama ningekuta ni paa, ujumbe ungepaswa kwenda kwa mwenye nyumba, na Ami ningemkosea bure. Basi kabla ya kupoza maneno, hakikisha kwanza kwamba unamwandikia mtu anayehusika.

Vitenzi vyenyewe vinampiga

Lugha yetu inaweza kumtukana mtu kwa kiambishi tu. Tazama hivi vitatu: hamtengenezi, hamkutengeneza, hamjatengeneza. La kwanza linamwambia kwamba hiyo ndiyo tabia yake, leo na kesho. La pili linafunga mlango: ulikuwa na nafasi, imepita. La tatu linasema kazi haijafanyika mpaka sasa, na bado inaweza kufanyika. Ukweli wa yote matatu ni mmoja, kwamba bomba bado linavuja, lakini ni "hamjatengeneza" pekee linalomwachia mzee njia ya kutokea bila kuvunjiwa heshima.

Vivyo hivyo "mnanimwagia maji" na "maji yanashuka". Hakuna aliyepanda juu akanimwagia. Maji yanashuka. Ila hapa pana mtego: ukizidi kumficha mtendaji unaishia na "kuna maji yanaonekana", kama kwamba yametoka mbinguni. Nilichokiweka mwishoni ni "maji yanashuka kutoka chooni kwenu". Chanzo kinatajwa, na nia mbaya haitajwi kwa sababu siijui.

Ndiyo maana "mnajifanya hamjui" niliifuta moja kwa moja bila kutafuta badala yake. Ilikuwa ni habari ya moyo wa mtu mwingine. Pia nilifuta eti, kwani, tena na ndo. Vineno hivi havibebi habari yoyote, vinabeba sauti ya mtu aliyeshika kiuno. Jaribu katika rasimu yako: vitoe vyote, usome tena, uone kama kuna jambo lolote limepotea.

Umeingiza fumbo

"Mwenye macho haambiwi tazama." Hii ni dalili ya kwetu hasa. Tumekua tukiona mama zetu wakijibizana kwa jina la kanga: mtu hasemi kitu, anapita tu mbele ya mlango wako nayo mabegani. Siku hizi ni stetasi. Mimi mwenyewe tarehe 16 niliweka stetasi ya majirani wasiojali. Ami hana habari na stetasi. Aliyeiona ni mteja wangu anayekaa nyumba ya pili na ambaye nilikuwa namdai pesa za kushona, akanipigia simu kuniuliza kama nimemsema yeye.

Fumbo linamridhisha anayelisema, lakini halina tarehe, halina chumba, wala haliombi kitu. Anayelengwa ana haki ya kusema hakujua kama ni yeye. Ukilikuta katika rasimu yako jiulize: nilikuwa nataka kusema nini waziwazi nikaona haya? Mimi nilikuwa naona haya kumwambia mtu mzima kwamba nimemwendea mara mbili na ahadi zote mbili hazikutimia. Basi hilo ndilo lililopaswa kuandikwa, na likiandikwa na tarehe zake si utovu wa adabu.

Kuna mfano mkubwa kupita jambo lenyewe

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wengi wakipoza ujumbe hufuta sentensi za namna hii na kuendelea, na ndipo kiini cha lalamiko kinapopotea.

Kila mtu Unguja anakumbuka sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilivyoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Kuutaja msiba ule kwa sababu ya matone kitandani ni kumpa msomaji nafasi ya kukucheka. Lakini mbona jambo lile ndilo lililonijia? Kwa sababu nilikuwa naogopa. Na hofu ile ilikuwa na sababu ambayo haikuandikwa popote katika rasimu.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mikoko. (Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu hiyo: upana unafuata urefu wa boriti.) Chokaa ikilowa hukauka ikiachwa ipumue. Lakini boriti ikilowa mara kwa mara pale inapoingia ukutani huoza kwa ndani, nje ukaiona nzima. Kwangu dari ya kona ile iliwahi kupigwa saruji, na saruji huziba unyevu ndani. Asubuhi ile nilipanda juu ya stuli na msumari. Boriti mbili za kona, msumari uliingia kwa kusukuma na kidole gumba. Ya tatu ilikuwa ngumu.

Hilo ndilo jambo zito kuliko yote, na rasimu yangu yenye kelele ilikuwa haina hata neno moja juu yake. Ilikuwa na Beit al-Ajaib badala yake. Kwa hiyo ukikuta sentensi imepiga chumvi usiifute kwanza. Ifukue. Uliza ni kitu gani hasa kilichokutisha au kukuuma, ukakiangalie kwa macho, kisha ukiandike hicho.

Mapipa ya siku ya arusi niliyafukua pia. Chini yake hapakuwa na kitu ila mapipa, basi nikayaacha.

Maswali mengi, ombi hakuna

Hesabu alama za kuuliza katika rasimu ile: tatu. Hesabu maombi: hakuna. Ami angeisoma yote hadi mwisho asijue afanye nini, zaidi ya kukasirika. Swali kama "mnataka nyumba ituangukie?" halijibiki, na mtu akiulizwa lisilojibika hakai kimya, huijibu ile sauti ya hasira.

Kupata ombi ilinibidi nifikirie ana uwezo gani. Yeye ni mpangaji. Kubadilisha boriti hawezi, na mambo ya jengo lenyewe katika Mji Mkongwe yana mwenye nyumba na yana Mamlaka ya Hifadhi, hayafanywi na mpangaji kwa nyundo yake. Anachoweza ni kuacha kuogea pale kwa siku chache, kwa kuwa kuna bomba la uani, na kumleta fundi bomba. Na tunaweza kumwandikia mwenye nyumba sote wawili, barua moja. Nilipofika hapo nilishangaa: alikuwa mwenzangu katika jambo hili, naye anakaa juu ya boriti zilezile.

Umeupoza hadi umekufa

Jioni niliandika rasimu ya pili, nimeshakula, nimetulia:

"Assalaam alaykum Ami. Samahani sana kwa usumbufu. Kuna maji kidogo tu yanaonekana huku chini. Kama mtapata nafasi, si haraka, mtuangalizie. Samahani tena."

Nikajiona muungwana. Nikamsomea mdogo wangu, ambaye hana habari ya kisa hiki kwa undani, nikamuuliza: huyu anataka nini, na lini? Akasema, "Anasalimia."

Maradhi haya ni makubwa kama yale ya kwanza, na kwetu ni mengi zaidi, kwa sababu yanafanana na adabu. Kipimo ni karatasi ileile. Kabla ya kupoza nilikuwa na mambo sita juu yake: mara tatu na tarehe zake, mahali, ushahidi kwamba si mvua, uharibifu, ahadi mbili za fundi, na ninachoomba. Katika rasimu ya pili limebaki moja, maji, nalo limepunguzwa. "Kidogo tu" ni uongo. "Si haraka" ni uongo mkubwa zaidi. Na "samahani" mbili zimefanya kosa lihamie kwangu. Samahani ni ya aliyekosa, au ya anayebisha hodi wakati wa kulala.

Watu hudhani ulaini unatoka katika kupunguza jambo. Si hivyo. Unatoka katika namna ya kumwita mtu, salamu, kitenzi cha "bado", na kumwachia njia. Jambo lenyewe unaliacha na uzito wake. "Naomba" yenye tarehe ni nzito kuliko "nataka" isiyo na tarehe.

Kitisho au taarifa?

"Nakwenda kwa sheha na polisi" ni kitisho, tena cha mtu asiyejua aanzie wapi. Polisi hawana kazi na bomba. Sheha anayo, maana majirani wakishindwana ni kawaida kumwendea akawakutanisha. Jina lake likiandikwa kama hatua inayofuata, baada ya siku inayojulikana, na kwa kazi yake halisi, si kitisho tena. Lakini usiliandike kama huna nia ya kwenda. Tarehe ikipita nawe umekaa, ujumbe wako ujao hausomwi.

Huu ndio uliokwenda, Alhamisi tarehe 24, saa tatu asubuhi:

"Assalaam alaykum Ami, shikamoo. Natumai nyote hamjambo.

Ami, maji yanashuka kutoka chooni kwenu hadi chumbani kwangu, kona iliyo juu ya kitanda. Yameshuka mara tatu: tarehe 5 na 16 Aprili alfajiri, na juzi tarehe 22 saa tano usiku. Si ya mvua. Tarehe 16 ilikuwa siku ya pili bila mvua, na yalianza robo saa baada ya kusikia maji yakimwagwa juu.

Boriti mbili za kona ile zimelainika, msumari unaingia kwa kidole. Hizo ndizo zinazobeba choo chenu, na naogopa kwa ajili yetu sote. Godoro langu pia limeharibika. Nililinunua shilingi 180,000.

Nilikuja kwenu tarehe 6 na tarehe 16, mkaniambia fundi atakuja. Mpaka leo hajafika.

Naomba mambo mawili. Kuanzia leo mtumie bomba la uani kwa kuoga mpaka patengenezwe. Na fundi bomba aje kabla ya Jumatano tarehe 30. Kama kumpata ni tabu, mimi ninaye mmoja, nitamleta. La boriti tumwandikie mwenye nyumba pamoja, mimi nitaiandika barua. Habari ya godoro naomba tuzungumze tukikaa.

Ikipita tarehe 30 fundi hajaja, Alhamisi nitamuomba sheha atukutanishe, tulimalize kwa wema.

Mwanao wa chini."

Mambo sita yote yamo. Ni mrefu kuliko ule wa hasira, na hiyo ni kawaida: matusi ni mafupi, maelezo yana urefu wake.

Kwa nini niliandika, wala sikupanda ngazi, ilhali kumwandikia mzee anayekaa juu ya kichwa chako kunaweza kuonekana ni kiburi? Nilishapanda mara mbili. Maneno ya mlangoni yana kahawa na habari za watoto, na tarehe hupotea humo. Hata hivyo nilipanda tena, dakika tano baada ya kutuma, nikamwambia tu, "Ami, nimekutumia ujumbe, usome kwa wasaa wako," nikashuka. Kumkuta ameusoma nawe hujatia mguu kwake ni vibaya. Na kama ingekuwa Ramadhani nisingeutuma alasiri.

Baada ya kutuma: amejibu nusu

Alijibu baada ya Adhuhuri: "Waalaykum salaam mwanangu. Huyo fundi wako mlete kesho baada ya Ijumaa. Godoro ni mipango ya Mungu."

Nilisikia moto ukipanda upya. Sentensi ya mwisho ilikuwa inaniita, na jibu la kijembe nilikuwa nalo tayari, zuri mno. Lakini angalia alichokubali: fundi, tena kabla ya siku niliyoiweka. Mtu akijibu nusu, shika ile nusu kwanza kwa maandishi, kisha iache ile nyingine hai bila kuigombania. Nikaandika: "Ahsante Ami. Kesho saa nane na nusu atakuwa hapo, inshaallah. La godoro nitakuja tuzungumze baada ya kazi kwisha."

La kuoga hakulijibu kabisa. Sikuuliza; usiku ule nilisikia ndoo zikienda uani.

Fundi alikuta kiwiko cha bomba kimepasuka chini ya sakafu, akakibadilisha. Barua ya boriti tuliipeleka wiki iliyofuata, saini mbili, na mwenye nyumba bado tunaye. Godoro alinilipa shilingi 100,000, kwa mkono wa mkewe, ndani ya bahasha, bila neno lolote. Nimezipokea, na zile 80,000 sijaziandikia.